Mwenye Nyumba Hulipa Mara Kumi Yangu

Hapa Kondele mwisho wa mwezi haukosi hekaheka. Mwenye nyumba alinikuta nikiifuta bodaboda yangu matope, akadai kodi. Nikamwambia ngoja kidogo, serikali nayo imenikamua. Mzee akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Wewe umekamuliwa nini? Mimi hulipa ushuru mara kumi yako!"

Maneno hayo yalininyima usingizi. Nikachukua risiti ya sabuni, mafuta ya kupikia na sukari, nikatafuta zile herufi tatu: VAT, asilimia 16. Omena na sukuma za Kibuye hazina hiyo kitu, lakini sabuni haina huruma.

Basi piga hesabu nami. Mwezi mzuri napata 20,000. Vitu vyenye VAT hula 5,800, na ndani yake 800 ni za serikali. Tuseme mzee anapata 300,000 na vitu vyake vya VAT ni 58,000. Ushuru humo ni 8,000. Mara kumi kweli, hakusema uongo! Ila mimi katika kila shilingi 100 ninazopata zimetoka 4, yeye zimetoka 2 na senti 67. Sabuni haiulizi mshahara wa mtu. Zaidi ya hayo, mimi nakula chote nilichopata, yeye kinachobaki ananunulia ploti, na sabuni huwezi kuilinganisha na ploti.

Mama watoto akauliza, si unga wa mahindi hautozwi VAT? Ndiyo, na hapo tunapumua. Lakini mzee naye hanyimwi msamaha huo. Akipika harusi ya binti yake, magunia yote yanapita bure, kwa hivyo kwa shilingi yeye ndiye aliyesamehewa nyingi.

Ushuru wa mshahara angalau una ngazi. Tangu Julai 2023, 24,000 za kwanza hukatwa 10 kwa mia, na nafuu ya 2,400 inazifuta zote. Ukizidi, sehemu iliyozidi tu ndiyo hupanda, mpaka 35 kwa mia kwa kinachovuka 800,000. Mwalimu wa chumba cha pili, mwenye 50,000, kabla ya makato mengine anaachia kama 7,400. Hiyo ni karibu 15 kwa mia.

Mzee je? Kodi za nyumba za kuishi, tangu Januari 2024, hutozwa 7.5 kwa mia, kiwango kimoja tu. Jumla yake yote haifikii milioni 15 kwa mwaka, kwa hivyo yumo humo. Yaani mwalimu wake anamshinda!

Nilimweleza Jumapili. Akanuna. "Lakini hizo 7.5 hukatwa kwa kodi yote, hawanitolei gharama za ukarabati!"

Ukarabati gani, mzee wangu? Bomba langu linavuja tangu Pasaka.