Mguu usiouma unavyodanganya watu wawili

"Shemeji yangu yuko Mbarali, mguu umevimba huu mwaka wa nne, hauumi ila una vitundu vinatoa usaha na vitu kama mchanga mweusi. Muda wote huo analima tu. Tumlaumu yeye kwa kukaa kimya au tulaumu hospitali?"

Kwanza niseme, ule sio mchanga. Ni fangasi wamejikusanya wakatengeneza chembe ngumu, na ugonjwa unaitwa maisetoma, Sudan ndo unajulikana sana, huku kwetu unaonekana mara chache ndo maana wengi wetu hatuufikirii. Mdudu anakaa kwenye udongo au kwenye miiba, unachomwa, kidonda kinapona, umeshasahau, yeye ndani anajijenga polepole miezi na miaka.

Sasa kwenye lawama. Nilipokuwa tabibu kule bonde la Usangu alikuja mkulima mmoja wa mpunga, anachunga na ng'ombe, alichomwa na mwiba wa mgunga akiwa na kandambili. Mwaka wa kwanza alikuwa na kinundu unyayoni kama punje ya karanga, kigumu, ukikibonyeza hasikii kitu. Nani anaacha kupandikiza mpunga akatafute nauli kwa ajili ya karanga? Mi nisingeenda. Na hapo ndo inapouma, maana kinundu kikiwa kidogo vile daktari wa upasuaji anaweza kukitoa chote kikaisha.

Wanaomlaumu mgonjwa wana hoja lakini. Huyu bwana alikuwa anavaa gambuti mpaka kwenye vikao watu wasione, na mganga alimwambia amekanyaga tego akachanjwa mara mbili, muda ukaenda.

Ila kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mwaka wa pili mguu ulipata moto ukauma kweli, akakimbilia kituo cha afya, akapewa antibaiotiki siku 7, maumivu yakaisha na kitundu kikaziba. Yeye akajua amepona, na aliyemtibu akajua ametibu. Kumbe yaliyouma yalikuwa ni bakteria wa kawaida walioingia kwa kupitia kile kitundu, dawa ikawaua hao, fangasi haikuwagusa hata kidogo. Miezi mitatu kitundu kingine kikafunguka vidole viwili pembeni. Akarudi, dawa zilezile, nafuu ileile. Mara ya tatu wakachukua usaha wa juu kwa pamba wakaotesha, wakaona bakteria wa ngozini, wakaandika vidonge vingine. Usaha wa juu kwa ugonjwa huu haukuambii kitu, inatakiwa chembe zenyewe au kinyama cha ndani kabisa.

Kwahiyo mtu aliyekaa "miaka mitatu bila kwenda hospitali" ameenda mara tatu, na kila mara alirudishwa nyumbani na nafuu ya uongo. Simlaumu aliyempa dawa mara ya kwanza, mguu mwekundu wenye joto mia kwa mia ungefikiria bakteria na mimi ningempa hivohivo. Wa mara ya tatu namlaumu. Uvimbe mgumu usiouma, vitundu vinavyoziba huku vikifunguka kule, na chembe, hivo vitatu vikiwa pamoja huandiki tena vidonge vya siku 7.

Mi nilifanya kitu rahisi tu, nilimfunga gozi safi usiku kucha, asubuhi nikaikunjua, chembe nyeusi zimenasa kama vipande vya mkaa. Rangi hapo ina maana kubwa, maana kuna maisetoma ya fangasi na nyingine inaletwa na bakteria. Nyeusi ni fangasi. Nyekundu kwa kawaida ni bakteria, na nyeupe au ya njano inaweza kuwa yeyote kati yao, hapo lazima maabara waseme. Na tofauti hiyo inaamua kila kitu, maana ile ya bakteria inatibika vizuri kwa dawa kama septrini ikichanganywa na sindano, wengi wanapona bila kukatwa, ila ya fangasi ni itrakonazoli mwaka na zaidi, ini linapimwa kila baada ya muda, halafu upasuaji, na bado inaweza kurudi. Ukimpa wa fangasi septrini umempotezea mwaka mwingine.

Eksirei yake ilionyesha mifupa ya mbele ya mguu imeshatobolewa. Bado alikuwa anatembea, maana mishipa ya fahamu na kano huwa zinaguswa mwishoni kabisa, ndo maana mguu unaliwa na mwenyewe yuko shambani. Alimeza dawa miezi kumi, uvimbe ukasinyaa ukajikusanya, wakamkata sehemu ya mbele pamoja na vidole vitatu, akaendelea na dawa.

Shemeji yako mfungeni gozi leo usiku. Kesho msiitupe, ikunjeni kwenye kikopo safi aende nayo hospitali ya rufaa, na akifika aanze na mwiba, ni mwaka gani na shamba gani, asianzie kwenye usaha.