Alt iliyobaki Dar: kwa nini sipendi mpangilio wa kiwandani wa Remote Desktop

Kibodi nzima zinatupwa hapa Kigoma kwa kosa lisilo lao. Mtu amekaa na kompyuta yake Mwanga au Kibirizi, lakini programu ya hesabu anayoitumia iko kwenye seva Dar es Salaam, na anaifikia kwa rimoti, yaani Remote Desktop Connection, programu ya Windows inayomwonyesha skrini ya seva ndani ya dirisha kwenye kompyuta yake. Siku moja vitufe vinaanza kufanya visivyotumwa. Anaitwa fundi, analeta kibodi mpya, na kweli tatizo linaisha. Haliishi kwa sababu ya kibodi, ila katika purukushani ile kuna mtu ameshagusa kitufe kilichokuwa kimekwama upande wa pili.

Msimamo wangu ni huu: mpangilio ambao Remote Desktop Connection huja nao haumfai mtu wa ofisi anayefanya kazi kwenye dirisha dogo, na anayemuunganishia rimoti anapaswa kuubadilisha siku hiyo hiyo ya kwanza.

Mpangilio wenyewe umejificha. Ukifungua programu, bonyeza Show Options, nenda Local Resources, kisha tazama sehemu iliyoandikwa Keyboard. Pale panaulizwa: mtu akibonyeza vitufe vya pamoja kama Alt+Tab, vifanye kazi kwenye kompyuta ipi? Majibu ni matatu. Ya hapa alipo, ya mbali, au ya mbali endapo tu skrini nzima imejaa rimoti. Hilo la tatu, Only when using the full screen, ndilo la kiwandani. Maana yake ni kwamba Alt+Tab ile ile ina kazi mbili tofauti, kutegemea ukubwa wa dirisha. Mtumiaji haambiwi lolote.

Mama mmoja mhasibu kwenye ofisi inayopeleka mizigo Kalemie na Bujumbura aliniita kwa jambo hili. Nilipomaliza kumsalimia akaniambia, "Mwanangu, tarakimu zimekufa. Herufi nazo zinafungua vitu ambavyo sijaviomba." Alikuwa anaingiza katoni 65 za sabuni kwa vitufe vya tarakimu vya kulia. Chumba cha jedwali kilibaki kitupu. Akibonyeza F, menyu inafunguka. Akibonyeza Tab ili ahamie chumba kinachofuata, seva inamrukisha kwenye dirisha jingine kabisa.

Nilimwomba afungue Notepad ya kompyuta yake mwenyewe, nje ya rimoti, aandike chochote. Herufi na tarakimu zote zikatoka sawasawa. Hapo kibodi ilishaachiwa huru na mahakama. Tukarudi kwenye rimoti, akaandika tena 65, bado patupu. Nikamwambia, "Mama, sasa gusa Alt ya kushoto mara moja, uiachie." Ikatokea herufi A.

Ile A ndiyo ushahidi. Kwenye Windows, ukishikilia Alt ukaandika namba kwa vitufe vya kulia, namba haionekani. Mashine inaikusanya kama msimbo wa herufi, na unapoachia Alt inaandika herufi yenye msimbo huo. 65 ni A. Kwa hiyo seva ya Dar ilikuwa inaamini kwa dhati kwamba mama ameshikilia Alt muda wote, wakati mikono yake ilikuwa juu ya meza.

Iliaminije hivyo? Kibodi haitumi "Alt+Tab" kama kitu kimoja. Inatuma habari nne: Alt imeshuka, Tab imeshuka, Tab imepanda, Alt imepanda. Mama alikuwa kwenye dirisha dogo. Alt iliposhuka, dirisha la rimoti ndilo lililokuwa mbele, kwa hiyo habari ikasafiri mpaka Dar. Tab ilipofuata, kompyuta ya hapa ikaidaka, kwa kuwa ndivyo mpangilio ulivyoiagiza, ikampeleka kwenye WhatsApp. Alipoachia Alt, WhatsApp ndiyo iliyokuwa mbele, na Dar haikupata habari hiyo. Programu ya rimoti hujaribu kusafisha hali hii unaporudi dirishani, na mara nyingi inafaulu. Isipofaulu, ndiyo hayo.

Ikikwama Ctrl badala ya Alt, dalili zinabadilika na hatari inaongezeka. P inafungua uchapishaji, gurudumu la mausi linakuza na kupunguza maandishi, na A inachagua kila kitu, kisha X inakikata. Usijaribu herufi ovyo kutafuta tatizo. Bonyeza na kuachia Ctrl, Alt, Shift na kitufe cha Windows, kimoja kimoja, ukiwa ndani ya rimoti iliyojaa skrini nzima, la sivyo kitufe cha Windows kitadakwa na kompyuta ya hapa. Gusa vya kushoto na vya kulia, maana kwa mashine hivyo ni vitufe tofauti, na kilichokwama kulia hakifunguliwi na cha kushoto.

Hiyo ni dawa ya kutuliza. Dawa ya kuzuia ni kuchagua On the remote computer, kisha kurudi kwenye kichupo cha General na kubonyeza Save, la sivyo faili la rimoti unalogawia ofisi litabaki na mpangilio wa zamani. Ukilifungua faili hilo la .rdp kwa Notepad, mstari unaohusika usomeke hivi:

```
keyboardhook:i:1
```

Kiwandani ni 2, na 0 ni kuacha vitufe vyote vya pamoja hapa ulipo. Kuanzia hapo, dirisha la rimoti likiwa mbele, Alt+Tab yote inasafiri, kushuka na kupanda.

Najua pingamizi. Kijana mmoja wa ofisi ile ile aliniambia, "Kaka, sasa nitarudije WhatsApp?" Kwa mausi, kwenye upau wa chini. Ni usumbufu, sikatai. Lakini mtu anayeingiza bili za forodha, kwangu, heri apungukiwe urahisi wa kukimbilia WhatsApp kuliko tarakimu zake zigeuke herufi.

VirtualBox, wanayoitumia vijana wa vyuo kujifunzia Linux ndani ya Windows, imelifikiria jambo hili vizuri zaidi. Ina kitufe kimoja cha kuikomboa kibodi, kwa kawaida Ctrl ya kulia, na jina lake limeandikwa kwenye kona ya chini ya dirisha, kando yake pana alama ya kuonyesha kama kibodi imeshikwa au la. Laptopu isiyo na Ctrl ya kulia, unakibadilisha kitufe hicho kwenye mipangilio ya Input. Rimoti ya Windows ingekuwa na alama kama ile, nisingekuwa naandika haya.

Kuna mchanganyiko mmoja ambao hata ukiweka 1 hauvuki: Ctrl+Alt+Del. Windows huuzuia makusudi usidakwe na programu yoyote, ili pasiwe na mtu wa kutengeneza ukurasa bandia wa kuomba nywila. Ndiyo maana watu wa seva wakipiga simu kutoka Dar na kusema "bonyeza Ctrl+Alt+Del ubadilishe nywila", mhasibu wa Kigoma anabadilisha nywila ya kompyuta yake mwenyewe, halafu kesho seva inamkataa. Ndani ya rimoti ya Windows ni Ctrl+Alt+End, na kwenye laptopu nyingine End haipatikani bila kushikilia Fn.