Mtoto anacheza, lakini saa inakwenda

Dada yangu anaishi Nansio, Ukerewe. Asubuhi moja alinipigia, sauti imejaa aibu kuliko hofu: "Kaka, huyu mpwa wako kanywa chupa ya dawa ya homa. Nimeshampeleka kituoni, wamesema nimpe maziwa turudi nyumbani. Na kweli anacheza tu."

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na neno lililonitia baridi ni hilo la mwisho. Nikamwuliza maswali matatu: alikunywa saa ngapi, chupa imeandikwa nini, mtoto ana kilo ngapi. Alikunywa saa moja asubuhi. Chupa ni ya mililita 100, imeandikwa miligramu 120 za parasetamoli katika kila mililita 5, na kabla ya hapo kilikuwa kimetoka kijiko kimoja tu. Kwenye kadi ya kliniki mtoto ana kilo 11.

Hesabu yake ni fupi. Mililita 95 zina miligramu 2,280. Ukizigawanya kwa kilo 11 unapata kama miligramu 207 kwa kila kilo. Dozi ya kawaida ya mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kilo. Ikifika 150 kwa kilo kwa mkupuo, au 200 kwa watoto wadogo kama wengine wanavyopima, hiyo ni safari ya hospitali hata kama mgonjwa anaruka kamba.

Nasema hivyo kwa sababu parasetamoli yenyewe haiunguzi ini. Ikiwa kwa kipimo chake, sehemu kubwa ini huifungasha na kuitoa kwa mkojo bila taabu. Sehemu ndogo, chini ya moja ya kumi, hupita njia nyingine na kugeuzwa kuwa kitu kikali kinachofupishwa NAPQI. Nacho hakina muda wa kudhuru, kwa kuwa ndani ya seli za ini kuna akiba ya glutathioni inayokishika papo hapo na kukimaliza makali. Dozi ikizidi, njia zile kubwa hujaa na NAPQI huongezeka, na kila inaposhikwa glutathioni nayo hutumika. Akiba ikishuka hadi karibu theluthi ya kawaida yake, NAPQI inayobaki huanza kunata kwenye protini za seli zenyewe, hasa zile za kuzalisha nguvu, na seli hufa.

Aliyewahi kusimama mwaloni akisubiri sangara ataelewa upesi. Samaki yuko kwenye barafu, na barafu inayeyuka. Maadamu bado ipo, ukimtazama samaki huoni tofauti yoyote. Ukileta barafu mpya kabla ya ile ya kwanza kuisha, mzigo wote unafika salama. Ukiileta baada ya samaki kuanza kulainika, utaokoa wale ambao hawajaharibika, lakini waliooza hawarudi.

Dawa iitwayo asetilsisteini ndiyo barafu hiyo mpya. Glutathioni yenyewe haiingii vizuri ndani ya seli, kwa hiyo anapewa mgonjwa kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa sisteini, malighafi ambayo ini huishiwa nayo kwanza linapotengeneza glutathioni. Katika miaka ya 1970 Laurie Prescott na wenzake kule Edinburgh waliwapa wagonjwa dawa hiyo kwa njia ya mshipa, wakaona kuwa waliotibiwa ndani ya saa 8 tangu kumeza karibu wote maini yao yalinusurika, na kinga ikapungua kadiri saa zilivyosonga. Saa hizo 8 ni muda ambao akiba ya ini huwa bado haijaisha kabisa.

Sasa fikiria siku ya kwanza mgonjwa anavyoonekana. Labda kichefuchefu, labda kutapika mara moja, mara nyingi hakuna kitu. Hata kipimo cha vimeng'enya vya ini huweza kutoka safi, kwa kuwa vimeng'enya hivyo huvuja kwenye damu baada ya seli kupasuka. Maumivu chini ya mbavu za kulia huja siku ya pili, macho ya manjano na kuchanganyikiwa ya tatu au ya nne. Wakati wa mafunzo yangu nilimwona mama mmoja aliyeletwa akiwa na macho ya manjano. Alipewa dawa ileile, na ni haki kupewa hata akichelewa kiasi hicho, maana bado huwaokoa baadhi. Yeye haikumwokoa. Tangu siku ile sitaki kusikia "anaendelea vizuri" ikitumika kama kipimo.

Nikamwambia dada aachane na maziwa, kwani hayafiki huko NAPQI inakozaliwa, na asimtapishe kwa maji ya chumvi. Apande chombo cha kwanza atakachopata na chupa aje nayo mkononi. Walishuka Mwanza saa nane mchana, yaani saa 7 tayari zimekwisha. Hospitali walichukua damu ya kupima kiwango cha parasetamoli, kipimo chenye maana kuanzia saa 4 baada ya kumeza, lakini majibu yasingetoka kabla ya saa tisa alasiri. Daktari hakuyasubiri, akaanzisha dripu ya asetilsisteini. Nilimshukuru kwa hilo na bado namshukuru, maana majibu yakionyesha hakuna hatari dripu inaondolewa, ila saa zilizopotea hazirudishwi.

Mfuko wa kwanza ulikuwa miligramu 150 kwa kilo, yaani 1,650, ndani ya maji ya glukosi kwa saa 1. Wa pili ni 50 kwa kilo kwa saa 4, na wa tatu 100 kwa kilo kwa saa 16. Dakika ya ishirini hivi shingo ya mtoto iliiva wekundu, akaanza kujikuna. Dada akataka dripu ing'olewe. Muuguzi akaisimamisha kidogo, akampa dawa ya mzio, kisha akaiwasha polepole. Mwasho huo ni wa kawaida kwenye mfuko wa kwanza, na kwa kawaida si sababu ya kuacha tiba.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Jumla ya dawa aliyotumia ni miligramu 3,300. Kichupa kimoja cha mililita 10 kina miligramu 2,000. Vichupa viwili. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji vichupa tisa, na cha kumwanzishia mfuko wa kwanza ni vitano. Naona si haki mtoto wa kisiwani avuke ziwa ili akutane na vichupa viwili ambavyo vingeweza kumsubiri Nansio tangu saa mbili asubuhi. Kila kituo chenye mtu anayejua kufunga dripu na kuangalia mzio kiwe navyo, na swali la kwanza pale mapokezi liwe "saa ngapi?" Hata kwa aliyemeza kwa makusudi kwa sababu moyo umemwelemea, aanze kuulizwa saa, kwa upole. Ya kwa nini yasubiri dripu iwe inatiririka.

Vipimo vya mwisho vya mpwa wangu vilikuwa safi, vimeng'enya na kuganda kwa damu. Wiki mbili baadaye tabibu wa kile kituo alipata namba yangu kwa dada. Hakujitetea. Aliuliza kama dawa hiyo inahitaji friji, maana yao imejaa chanjo. Nikamjibu haihitaji, kabati lisilopigwa jua linatosha. Akaniomba nimtumie hesabu ya mifuko mitatu kwa kilo, aibandike ukutani.