Namba ya ankara itoke mwisho, si mwanzo

Wenye maduka wengi ninaowatengenezea programu hapa Moshi huanza na swali la sura: namba iwe na mwaka, iwe na jina la duka, iwe na sifuri ngapi mbele? Kwangu hayo yanaweza kusubiri. Kinachoamua kama mfululizo utabaki bila pengo ni wakati namba inapotoka. Msimamo wangu ni kwamba itoke pale muuzaji anapobonyeza kitufe cha kutoa ankara, si pale anapofungua ukurasa mpya na kuanza kuandika.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni. Ankara ya mwisho ni 417. Anaingia fundi anayetaka mifuko 40 ya saruji kwa shilingi 17,000 kila mmoja. Muuzaji anaandika, jumla inakuja 680,000. Fundi anasema, "Ngoja kwanza nikaongee na mwenye nyumba," anaondoka. Kama programu ilishaigawia kazi yake 418 tangu mstari wa kwanza, mteja anayefuata anapata 419. Fundi asiporudi, 418 haipo popote. Mwisho wa mwaka mhasibu au afisa wa TRA akiuliza iko wapi, huna karatasi ya kumwonyesha, na kwa mkaguzi ankara isiyoonekana inafanana sana na mauzo yaliyofichwa.

Kwa hiyo kazi ya fundi ihifadhiwe kama rasimu isiyo na namba ya ankara. Akitaka karatasi ya bei ampelekee mwenye nyumba, apewe profoma yenye mfululizo wake tofauti. Pengo kwenye profoma halina madhara, kwa sababu profoma si mauzo.

Hapo ndipo inapokuja njia ya mkato ambayo watengenezaji wengi wa programu huipenda: kuiachia hifadhidata ijihesabie yenyewe. Njia hiyo inakuhakikishia kwamba namba hazitajirudia, lakini haikuahidi kwamba hazitaruka. Kwenye PostgreSQL na MySQL, namba ikishachukuliwa hairudi hata kama kazi iliyoichukua imeshindikana. PostgreSQL ina jambo la ziada linalotugusa sisi tunaokatikiwa umeme: seva ikizimika ghafla, kaunta yake inaweza kuruka namba zisizozidi 32 kwa mpigo, maana huwa inajiandikia akiba mbele ili iende haraka. Hesabu ya aina hiyo ibaki kuwa utambulisho wa ndani wa programu, usioonekana na mteja.

Njia nyingine ni kutafuta namba kubwa iliyopo na kuongeza moja. Kwenye duka la kompyuta moja utaona inafanya kazi. Ongeza kompyuta ya pili dukani, siku ya Jumamosi yenye watu wengi: zote mbili zinasoma 417 kwa wakati mmoja, na zote mbili zinatoa 418. Sasa wateja wawili wana ankara yenye namba moja, jambo ambalo ni baya kuliko pengo.

Ninachotumia mimi ni jedwali dogo la kaunta linalotunza namba ya mwisho iliyotoka, lenye mstari mmoja kwa kila mfululizo. Kuongeza kaunta na kuandika ankara vinafungwa ndani ya muamala mmoja, yaani ama vyote viwili vinakamilika, ama hakuna kilichotokea. Kwenye SQLite inakuwa hivi, kwa mfululizo wa Moshi ninaouita M:

```sql
PRAGMA busy_timeout = 5000;
BEGIN IMMEDIATE;
UPDATE kaunta SET mwisho = mwisho + 1
 WHERE mfululizo = 'M';
INSERT INTO ankara (mfululizo, namba, jumla)
 SELECT mfululizo, mwisho, 680000
 FROM kaunta WHERE mfululizo = 'M';
COMMIT;
```

Umeme ukikatika kabla ya `COMMIT`, kaunta inabaki 417 na ankara haipo, basi hakuna pengo. Kompyuta ya pili ikitaka namba katikati ya kazi hiyo, itasubiri ya kwanza imalize, hadi sekunde tano; bila mstari wa `busy_timeout` ingepewa kosa papo hapo. Kusubiri huko ndiyo gharama ya kutokuwa na mapengo, na kwa duka la kawaida ni sehemu ndogo ya sekunde. Juu yake weka `UNIQUE (mfululizo, namba)` kwenye jedwali la ankara, ili hata programu ikikosewa siku moja, hifadhidata ikatae kurudia namba.

Karatasi ichapwe baada ya `COMMIT`, kamwe si kabla. Printa ikikwama, chapa tena ileile 418. Na ankara ikishatoka haifutwi: mteja akighairi, inabaki mahali pake ikiwa na alama kwamba imebatilishwa na sababu yake, na bidhaa zikirudishwa baadaye inaandikwa krediti noti inayoitaja. Namba ya risiti ya EFD nayo iwekwe kwenye safu yake ndani ya ankara hiyo. Mashine ile ina hesabu yake, na kujaribu kuzilazimisha hesabu hizo mbili zilingane ni kujitafutia shida.

Je, duka likiwa na tawi Himo? Wengine hushauri seva moja kwa matawi yote, lakini mtandao ukikatika Himo hawauzi. Wengine hugawa mafungu, namba mia huku na mia kule, na fungu lisilokwisha linaacha pengo. Mimi huwapa kila tawi mfululizo wake, M kwa Moshi na H kwa Himo. M-00418 na H-00418 ni ankara mbili tofauti, na kila tawi linahesabu bila kumsubiri mwenzake.

Mwaka siuweki kwenye namba, ingawa najua wahasibu wengi wanaupenda. Kompyuta nyingi za dukani ni za zamani. Betri ndogo ya saa ikifa, mashine inawaka ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, na ankara ya leo inaingia kwenye mfululizo wa mwaka uliokwisha. Duka linalotoa ankara 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, linatumia namba 6,000. Tarakimu tano zinatosha zaidi ya miaka 16 bila kuanza upya. Tarehe ina nafasi yake kwenye ankara.

Kila jioni, kabla ya kufunga, napenda mwenye duka aone matokeo ya swali hili:

```sql
SELECT a.mfululizo, COUNT(*), MAX(a.namba), k.mwisho
FROM ankara a JOIN kaunta k
  ON k.mfululizo = a.mfululizo
GROUP BY a.mfululizo, k.mwisho;
```

Ikiwa mfululizo ulianza na 1, hesabu tatu lazima zifanane. Idadi ikiwa ndogo kuliko namba kubwa, kuna iliyopotea katikati. Namba kubwa ikiwa ndogo kuliko kaunta, mtu amefuta ankara ya mwisho, na hilo huwezi kuliona kwa kuangalia ankara peke yake.

Kuna hali moja ambayo swali hilo haliioni: kompyuta ikiharibika na ukarudisha nakala rudufu ya jana. Kaunta inarudi nyuma pamoja na ankara, hesabu zote zinafanana, na mteja wa kwanza leo anapewa namba ambayo mwingine ameshaibeba nyumbani. `UNIQUE` haisaidii hapo, maana hifadhidata haikumbuki chochote. Ndiyo sababu nasisitiza nakala ya karatasi ya kila ankara ibaki dukani kwenye faili. Baada ya kurudisha nakala rudufu, usiuze kwanza. Toa faili, tafuta namba kubwa ya mfululizo huo, ingiza upya ankara zote zilizokosekana kwa namba zake zilezile, sogeza kaunta ifike hapo, endesha swali la jioni, kisha ndipo umhudumie mteja anayesubiri.