Kuhamisha poti ya RDP: kinachopungua na kinachobaki

"Kompyuta ya ofisini tunaifikia kwa RDP tukiwa nyumbani. Tumeitoa kwenye poti 3389, tumeipa poti nyingine ya nje kwenye ruta, na nywila ni ndefu. Mwenzangu anasema bila VPN ni kazi bure. Nani yuko sahihi?"

Mwenzako ametia chumvi, ila nikilazimishwa kuchagua upande nitakaa naye. Sababu zangu huenda si zile anazozitoa yeye, kwa kuwa hoja ya kubahatisha nywila, ukiitazama peke yake, inakubeba wewe zaidi.

Piga hesabu uone. Windows 11 iliyosimikwa upya tangu masasisho ya Oktoba 2022 huifungia akaunti kwa dakika 10 baada ya majaribio 10 yaliyokosewa. Anayebahatisha basi hapati zaidi ya majaribio kama 1,440 kwa siku kwenye akaunti moja, sawa na nusu milioni hivi kwa mwaka. Nywila ya herufi ndogo 12 zilizochaguliwa kiholela ina michanganyiko inayoandikwa kwa tarakimu 17. Kwa mwendo huo, mbahatishaji atazeeka na wajukuu zake watazeeka. Kama nywila yenu ni ya namna hiyo, na haijawahi kutumika mahali pengine, hakuna atakayeipata kwa kukisia.

Lakini hesabu hiyo ina masharti mawili yanayosahaulika. Kwanza, kompyuta iliyokuwepo kabla ya masasisho hayo haikubadilishiwa mpangilio wake. Inabidi ufungue `secpol.msc`, uingie `Account Lockout Policy`, uweke mwenyewe. Hapo hapo kuna `Allow Administrator account lockout`. Kwa miaka mingi akaunti ya `Administrator` inayokuja na Windows haikuweza kufungiwa kabisa, na kila mbahatishaji analijua jina hilo. Pili, nywila iliyovuja kutoka tovuti nyingine haihitaji kubahatishwa. Inaingizwa mara moja, inakubaliwa, na ulinzi wa majaribio 10 haugutuki.

Sasa poti. Wanaosema kuihamisha hakuna maana wanakosea. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, iliyoweza kupitia anwani zote za IPv4 kwa poti moja ndani ya dakika 45 kwa kompyuta moja tu yenye mtandao wa kasi. Kupitia poti zote 65,535 za kila anwani ni kazi kubwa mno kuliko hiyo, kwa hiyo roboti nyingi hugonga 3389 na kupita. Ukihama, makelele yanapungua. Na makelele yana gharama yake: kumbukumbu ya `Security` kwenye Windows huwa na nafasi ya MB 20 tu usipoiongeza, na ikijaa inaanza kufuta matukio ya zamani. Maelfu ya majaribio ya kipuuzi yanaweza kufukia lile moja ulilopaswa kuliona.

Kisichobadilika ni kwamba aliyeifikia poti yako mpya atajua mara moja ni RDP. Huduma hiyo hujitambulisha katika jibu lake la kwanza, iwe kwenye 3389 au 50000. Cheti inachokitoa ili kufungua mawasiliano yaliyosimbwa kwa kawaida hubeba jina la kompyuta. Kama umeiita kwa jina la mfanyakazi anayeitumia, umeshampa mgeni nusu ya kile anachokitafuta.

Kujua kama wameshapata jina la mtumiaji ni rahisi. Fungua Event Viewer kwenye kumbukumbu ya `Security`, utafute tukio 4625, kisha usome `Sub Status`. Thamani `0xC0000064` ina maana jina lililojaribiwa halipo kwenye kompyuta yako, yaani mtu anapapasa gizani. `0xC000006A` ina maana jina ni sahihi na nywila ndiyo iliyokosewa. Ukikuta nyingi za aina hii ya pili, kwa jina la mtu wenu na kutoka anwani msiyoijua, papasa-papasa imekwisha: anajua anachokigonga. Usishangae `Logon Type` ikisomeka 3 badala ya 10 inayotajwa kwenye maelezo mengi ya RDP. Pale NLA inapotumika, yaani mtumiaji anathibitishwa kabla ya kuonyeshwa skrini ya kuingilia, kushindwa huandikwa kama 3.

Hapa ndipo sababu yangu ya kwanza ya kuhama upande inapoingia. Mtu anayejua jina la mtumiaji hahitaji kuingia ili akuumize. Akikosea mara 10 kila baada ya dakika chache, akaunti inabaki imefungiwa mchana kutwa, na mwenye akaunti hawezi kuingia hata akiwa ameketi mbele ya kompyuta yenyewe. Kinga uliyoiweka imegeuka kufuli ambalo mtu wa nje analifunga apendavyo. Ukiilegeza, unampa nafasi zaidi ya kukisia. Ukiikaza, unamrahisishia kukufungia nje. Maadamu poti inaonekana na dunia nzima, mvutano huo hauna suluhu nzuri.

Sababu ya pili haihusiani na nywila kabisa. Mei 2019 Microsoft ilitoa viraka vya kosa lililopewa namba CVE-2019-0708, ambalo wengi wanalijua kama BlueKeep. Kwenye Windows 7 na za rika lake, mshambuliaji aliweza kuendesha programu yake kupitia huduma ya RDP bila kuwa na akaunti yoyote. Jambo lilikuwa zito kiasi kwamba hata Windows XP, iliyokuwa imeachwa tangu 2014, ilipewa kiraka. NLA ilipunguza hatari, kwa kuwa ilimlazimu mshambuliaji awe na akaunti kwanza. Nywila ya herufi 40 isingesaidia kitu, maana haikuwa inaulizwa. Kompyuta yenu ya sasa haina kosa hilo, lakini kila inapotokea kasoro ya aina hiyo, walioacha RDP wazi ndio wanaokesha.

Nimpe mwenzako joto lake pia, kwa sababu "weka VPN" husemwa kama vile ni dawa ya mitishamba. Mwaka huo huo wa 2019, vifaa vya VPN vya Pulse Connect Secure vilikutwa na kosa, CVE-2019-11510, lililomwezesha mtu asiye na nywila kusoma mafaili ya ndani ya kifaa. Mwaka 2021 waliovamia Colonial Pipeline, kampuni ya mabomba ya mafuta ya Marekani, waliingia kupitia akaunti ya VPN iliyokuwa haitumiki tena lakini haijafungwa, isiyodai uthibitisho wa pili, kwa nywila iliyokwishavuja. VPN inayofunguliwa kwa jina na nywila tu imehamisha mlango ule ule hatua chache mbele.

Ndiyo maana ninapokubali VPN, ninakubali ile ya funguo. Kwa ofisi ndogo ningechagua WireGuard. Haina nywila ya kukisiwa: kila kifaa kina ufunguo wake wa siri, na pakiti isiyothibitika kwa ufunguo unaotambuliwa haijibiwi chochote. Anayepapasa mtandaoni anapata ukimya.

Tuchukue ofisi yenye kompyuta moja ya hesabu na watu wawili wanaoifikia kutoka nje. Ruta yao ina uwezo wa WireGuard, kama zilivyo baadhi ya ruta za siku hizi. Upande wa ruta mpangilio unafanana na huu, na kila mtu ana sehemu yake ya `[Peer]`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (ufunguo wa siri wa ruta)

[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa wazi wa laptopu ya kwanza)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Kisha kwenye kompyuta ya hesabu, PowerShell ikiwa imefunguliwa kama msimamizi, unauambia ukuta wa moto ukubali RDP kutoka njia hiyo peke yake:

```
Set-NetFirewallRule -DisplayGroup "Remote Desktop" -RemoteAddress 10.8.0.0/24
```

Amri hii fanya ukiwa ofisini. Ukiifanya kwa mbali kupitia njia ya zamani utajikatia mawasiliano, na safari ya kwenda kurekebisha ni yako. Ikiwa VPN inaungana lakini RDP inakataa, angalia kama ruta inabadilisha anwani za wanaopita ndani yake. Hapo kompyuta inamwona kila mtu kama ruta, na `10.8.0.0/24` haitambui. Ikiwa VPN yenyewe ndiyo haiungani, usingoje ujumbe wa kosa, kwa kuwa WireGuard haitoi. Tazama `latest handshake`: isipoonekana kabisa, mara nyingi ufunguo mmoja umenakiliwa vibaya au poti 51820 ya UDP haifiki kwenye ruta.

Kisha hatua inayosahaulika kuliko zote: kufuta ile sheria ya ruta inayopeleka poti ya nje kwenye RDP. Watu huiacha "kwa muda, hadi tuizoee VPN", na mwaka unaisha. Ukuta wa moto wa kompyuta utawazuia wageni hata sheria ikiwepo, lakini siku mtu atakapouzima akitafuta kwa nini printa haifanyi kazi, mtakuwa mmerudi mlipoanzia.

Kuthibitisha kunafanyika kutoka nje, VPN ikiwa imezimwa, laptopu ikitumia intaneti ya simu. Jaribio la kutoka ndani ya ofisi hudanganya, maana baadhi ya ruta huigeuza safari hiyo kabla haijatoka nje. Badala ya anwani hii ya mfano weka ya ofisi yenu, na poti iwe ile mliyokuwa mkiitumia:

```
Test-NetConnection 203.0.113.10 -Port 50000
```

Unataka kuona `TcpTestSucceeded : False`. Acha siku mbili zipite, urudi kwenye tukio 4625. Yaliyobaki yawe ya watu wenu wenyewe waliokosea kuandika.

Gharama ya njia hii ipo. Laptopu ikiibwa, ufunguo umeondoka nayo, na kinachobaki kumzuia mwizi ni nywila ya Windows ya ofisini. Kwa hiyo msiihifadhi kwenye Remote Desktop ya laptopu, hata kama kuiandika kila asubuhi kunaudhi, na siku inapoibwa futeni `[Peer]` yake kwenye ruta. Wengine hupenda kuubakiza mlango wa zamani kama akiba endapo VPN itagoma. Akiba nafuu zaidi ni ufunguo wa pili kwenye simu ya mtu anayeaminika, wenye `AllowedIPs` yake, `10.8.0.9/32` kwa mfano, unaojaribiwa mara moja moja ili siku ya kuhitajika usiwe umekufa.