Mwajiriwa au mkandarasi huru: nani anabeba hasara kazi inapokwama?

Tuchukue mbunifu wa michoro aliyeajiriwa na kampuni kwa mshahara wa mwezi, ambaye siku moja anaitwa na kuelezwa kwamba kuanzia mwezi ujao atakuwa mkandarasi huru. Malipo yake hayatapungua, anaambiwa: mshahara wa mwaka mzima utagawanywa kwa siku 260 za kazi, yaani siku tano kwa wiki katika wiki 52, naye atalipwa kwa kila siku atakayofanya kazi. Kwa kuutazama juu juu, mpango huu hauna dhuluma. Ukikaa na kuupigia hesabu, picha inabadilika.

Alipokuwa mwajiriwa, siku 260 hizo zilikuwa na siku nyingi ambazo alilipwa bila kufanya kazi. Tuseme likizo ya mwaka ni siku 20, sikukuu siku 10 na ugonjwa siku 5. Zinabaki siku 225. Kama mkandarasi, kati ya hizo 225 atatumia nyingine kutafuta wateja, kuandaa makadirio ya gharama, kutuma ankara na kufuatilia zilizocheleweshwa, na hakuna mteja anayelipia muda huo. Akitumia moja ya tano ya siku zake kwa shughuli hizo, zitabaki siku 180 za kulipwa. Ili apate kiasi kilekile cha zamani, lazima agawanye kwa 180, si kwa 260, na hapo kiwango cha siku kinapanda kwa asilimia 44 hivi. Bado hatujahesabu kompyuta atakayojinunulia, bima, wala mchango wa hifadhi ya jamii ambao mwajiri alikuwa akimchangia. Kwa hiyo bei ya juu ya mkandarasi, ambayo mameneja wengi huiona kuwa tamaa, kwa sehemu kubwa ni gharama zilezile za ajira zilizohamia kwake.

Upande wa kampuni nao una hoja za haki. Kazi ikiwa ya miezi mitatu tu, si busara kumwajiri mtu kisha kumpunguza kwa notisi na malipo ya kuachishwa kazi. Mkandarasi analipwa kwa kazi iliyokamilika, anajilipia kodi, na kwa kawaida hurekebisha kwa gharama yake kilichoharibika. Hata hivyo, kampuni inapoteza vitu ambavyo haivihesabu mapema. Haiwezi kumzuia asiwahudumie wengine bila sharti la mkataba, wala kumwamuru akae ofisini saa fulani na bado idai kwamba yuko huru. Zaidi ya hayo, katika sheria za nchi nyingi hakimiliki ya kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini ya mkandarasi hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kampuni inaweza kulipia nembo yake na kuitumia miaka mingi, kisha ikagundua siku ya kuuza biashara kwamba haiimiliki.

Hatari kubwa zaidi iko katikati, pale mtu anapoitwa huru huku akiendeshwa kama mwajiriwa. Pendekezo Namba 198 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2006, linaelekeza kwamba uhusiano wa ajira uamuliwe kwanza kwa hali halisi ya kazi na malipo, hata kama mkataba unasema vingine. Dalili zinazotajwa ni pamoja na kufanya kazi kwa maelekezo na usimamizi wa mwingine, kuifanya mwenyewe bila kutuma mtu badala yake, kutumia vifaa vya anayempa kazi, kulipwa kwa vipindi maalumu, na kutobeba hatari yoyote ya kifedha. Kwa kawaida dalili moja peke yake haitoshi. Huangaliwa kwa pamoja. Mbunifu wetu, akibaki kwenye meza ileile, chini ya msimamizi yuleyule, bila mteja mwingine, ana dalili nyingi za mwajiriwa, na sahihi yake kwenye mkataba mpya haizifuti. Uamuzi ukitoka hivyo, kampuni inaweza kudaiwa kodi na michango ya miaka iliyopita pamoja na adhabu, na hapo akiba yote iliyopatikana huyeyuka.

Kwa maoni yangu, mabadiliko haya ni ya haki pale tu uhuru unapohama pamoja na hatari. Mbunifu anayekubali anapaswa kudai kiwango kilichokokotolewa kwa siku atakazolipwa kweli, haki ya kupanga saa zake na kuchukua wateja wengine, malipo ya awali, muda maalumu wa kulipa ankara, na notisi ya kusitisha mkataba. Kampuni nayo ieleze mipaka ya kazi na idai uhamisho wa hakimiliki kwa maandishi, utakaoanza malipo yanapokamilika. Ikiwa haiko tayari kuachia saa zake wala wateja wake, basi imwache kwenye orodha ya mishahara.