Hasara Haivunji Mkataba

Tangu shilingi iporomoke mwaka 2023, kuna barua ya aina moja ambayo imekuwa ikizunguka sana katika ofisi za Nairobi. Mkandarasi au msambazaji anamwandikia mteja wake kwamba dola imepanda, mafuta yamepanda na kodi zimeongezwa, kwa hivyo mkataba wao umetanguka na yeye hadaiwi tena chochote. Kazi yangu ni uwakili, na barua hizo nimezisoma nikiwa upande wa wanaozituma na pia upande wa wanaozipokea. Karibu zote zimekosea sheria. Na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba sheria hufanya vyema kuzikataa.

Chukua mfano huu, ambao nimeutunga ingawa wenye biashara Industrial Area wataona kama wameuishi. Januari 2023 mkandarasi anakubali kutengeneza na kufunga madirisha ya alumini katika jengo la ghorofa huko Kileleshwa, kwa bei moja ya shilingi 9,600,000. Alumini na vioo ataagiza kutoka Uchina kwa dola 48,000. Kwa kiwango cha shilingi 125 kwa dola, hiyo ni shilingi 6,000,000. Mafundi, usafiri na gharama nyingine ni 2,400,000. Atabaki na faida ya 1,200,000. Mwenye jengo anachelewa kumaliza kuta, kama wengi wanavyochelewa, na mkataba unaruhusu ucheleweshaji huo. Mkandarasi hakuagiza vifaa mapema, na kufikia Januari 2024 dola imegonga shilingi 160. Vifaa vilevile sasa ni shilingi 7,680,000, na jumla ya gharama ni 10,080,000. Faida imegeuka hasara ya 480,000. Hapo ndipo barua inapoandikwa.

Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 23, katika kifungu chake cha 2, inaingiza nchini kanuni za mikataba za Uingereza. Ndiyo sababu mzozo wa madirisha ya Kileleshwa unaweza kuamuliwa kwa kesi ya maandamano ya mfalme aliyeishi zaidi ya karne moja iliyopita.

Mfalme mwenyewe ni Edward wa Saba. Mwaka 1902 alitarajiwa kutawazwa London, na maandamano yapite barabara ya Pall Mall tarehe 26 na 27 Juni. Bwana Henry aliona tangazo dirishani kwamba vyumba fulani vinakodishwa kwa watazamaji. Akakubaliana na wakala wa Krell, mwenye vyumba hivyo, kulipa pauni 75 kwa mchana wa siku hizo mbili, bila usiku, na akatanguliza pauni 25. Mfalme akaugua, maandamano yakaahirishwa, na Henry akakataa kulipa pauni 50 zilizobaki. Vyumba vilikuwapo na hakuna aliyemzuia kuingia. Hata hivyo mahakama ya rufani mwaka 1903 ilisema hadaiwi. Barua zao hazikutaja kutawazwa kwa mfalme popote, lakini kila kitu kingine kilionyesha kwamba walichokuwa wanauziana ni nafasi ya kutazama maandamano: tangazo, bei, na saa zenyewe. Maandamano yalipoondoka, kilichokuwa kinauzwa kiliondoka pia.

Mahakama hiyohiyo, mwaka huohuo, ilimkatalia bwana Hutton. Yeye alikodi meli iitwayo Cynthia kwa pauni 250 ili apeleke abiria Spithead kutazama mfalme akikagua meli za kivita zilizotia nanga, na pia wazizunguke. Ukaguzi ukafutwa kwa ugonjwa uleule. Lakini meli za kivita zilikuwa bado pale, na abiria wangeweza kuzunguka na kuzitazama. Biashara ya Hutton ingekuwa mbovu, kwani wateja wangepungua, ila safari yenyewe ilikuwa na maana bado. Hatari ya wateja kutokuja ilikuwa yake.

Kesi hizi mbili nazipenda kuliko zote katika eneo hili kwa sababu zikiwekwa pamoja zinaonyesha mpaka ulipo. Swali haliulizi umepoteza kiasi gani. Linauliza kama kile ambacho pande zote mbili zilikichukulia kuwa msingi wa makubaliano bado kipo. Jaji Vaughan Williams alisaidia kwa mfano wa teksi: ukikodi teksi ikupeleke Epsom siku ya mbio za farasi na mbio zikafutwa, bado unadaiwa nauli. Teksi haina sifa ya pekee kwa mbio hizo, na kwenda mbioni ni nia yako wewe, hata kama dereva anaijua. Kujua nia ya mwenzako hakuifanyi kuwa msingi wa mkataba wenu.

Mkandarasi wetu hata katika swali hilo haingii. Lengo la mkataba wake ni madirisha, na madirisha bado yanatakiwa na yanafungika. Anacholalamikia ni gharama, na kwa hilo kesi inayomhusu ni ya karanga.

Oktoba 1956 wauzaji fulani walikubali kupeleka tani 300 za karanga za Sudan kutoka Port Sudan hadi Hamburg. Tarehe 2 Novemba mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Njia iliyobaki ilikuwa kuteremka pwani yetu hii ya Afrika Mashariki na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, mwendo wa zaidi ya mara mbili. Nauli ya tani moja ilipanda kutoka pauni 7 na nusu hadi 15. Wauzaji hawakupeleka, wakidai mkataba umetanguka. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliwakatalia mwaka 1961. Karanga hazikuwa zikioza njiani, mkataba haukutaja siku ya kufika, na hakuna aliyeandika kwamba lazima zipite Suez. Kama zingekuwa maua ya Naivasha, hoja ingekuwa nyingine kabisa, maana mzigo unaofika ukiwa umekufa si mzigo ulioahidiwa. Lakini karanga zinazofika zikiwa zimegharimu zaidi bado ni karanga zilezile.

Miaka michache kabla ya hapo, kampuni ya Davis iliahidi kujenga nyumba 78 kwa miezi 8, ikatumia miezi 22 kwa kukosa mafundi. Nayo ilidai mkataba umetanguka, ikashindwa. Lodi Radcliffe, jaji katika kesi hiyo, alieleza kipimo kwa maneno ambayo mawakili wetu bado wanayanukuu: mkataba hutanguka pale ambapo mtu anaweza kusema, si hili nililoahidi kulifanya. Mtu aliyeahidi madirisha na sasa anadaiwa madirisha hawezi kusema hivyo. Na Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Pipeplastic Samkolit mwaka 2001, ilitamka kwamba mahakama haina kazi ya kuandika upya mkataba wa watu wawili.

Najua wanaoniambia kwamba huu ni ukatili, kwamba mkandarasi mdogo hakuleta yeye msukosuko wa dola. Ni kweli hakuuleta. Lakini bei isiyobadilika ni sehemu ya kile alichouza. Mwenye jengo angeweza kutafuta mtu wa kumlipa gharama halisi pamoja na faida kidogo. Badala yake alichagua mtu aliyemwahidi tarakimu moja, akaipeleka benki na kukopea. Halafu tazama kilichofuata mwaka 2024. Ndani ya miezi michache shilingi ilipanda tena hadi karibu 130 kwa dola. Mkandarasi aliyetia saini dola ikiwa 160 alipata faida ambayo hakuitarajia, na sijaona barua hata moja ikisema kwamba mkataba umetanguka kwa sababu vifaa vimekuwa rahisi mno. Kama dola ikipanda mteja ndiye anabeba, na ikishuka mkandarasi ndiye anakula, basi neno bei limepoteza maana kwa upande mmoja.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba barua hizo huwadhuru wenyewe wanaozituma. Turudi kwa hesabu. Akimaliza kazi, mkandarasi atapoteza 480,000. Akiacha, mwenye jengo atatafuta mwingine, na kwa bei za Januari 2024 tuseme anampata kwa 11,200,000. Ana wajibu wa kutafuta bei ya kawaida sokoni, si ya anasa, lakini akiwa amefanya hivyo anaweza kudai tofauti, yaani shilingi 1,600,000, na juu yake hasara za kuchelewa ikiwa zilitarajiwa. Barua ya ukurasa mmoja imezidisha hasara zaidi ya mara tatu. Tena akiandika wazi kwamba hatafanya kazi, amempa mwenzake ushahidi wa uvunjaji mkataba kwa saini yake mwenyewe.

Wengine huegemea kile kifungu cha nguvu zisizozuilika ambacho watu hunakili kutoka mkataba hadi mkataba. Kisome kilivyoandikwa. Mara nyingi kinataja vita, mafuriko, migomo na amri za serikali, na kinasema upande "umezuiwa" kutekeleza. Dola ya 160 haizuii mtu kununua alumini. Inamuumiza tu. Kifungu ambacho kingemsaidia ni kingine na ni kifupi: kwamba bei imekokotolewa kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya kutia saini, na kiwango kikipanda au kushuka kwa zaidi ya asilimia 5, sehemu ya vifaa itarekebishwa kwa tofauti inayozidi hapo. Kwa mfano wetu, asilimia 5 juu ya 125 ni 131.25. Mkandarasi angebeba mwenyewe mpaka hapo, yaani shilingi 300,000, na mteja angebeba 1,380,000 iliyobaki. Faida ingepungua hadi 900,000, na kazi ingekamilika.

Kama kifungu hicho hakipo na dola imeshapanda, njia iliyobaki ni mazungumzo, na hayo nayo yana sheria yake. Ahadi ya mteja kuongeza pesa kwa kazi ileile ambayo tayari ulidaiwa ilikuwa haina nguvu kwa muda mrefu. Mwaka 1989, katika kesi ya Williams na kampuni ya Roffey, seremala aliyekuwa akikarabati nyumba 27 aliahidiwa nyongeza baada ya bei yake kuonekana ndogo mno, na mahakama ikasema nyongeza inadaiwa kwa kuwa aliyeiahidi alipata manufaa ya kweli, naye hakulazimishwa. Kwa hivyo usimtishe mteja kwamba utaondoka mafundi wakiwa juu ya ngazi, maana tisho hilo laweza kubatilisha chochote atakachokubali. Mwonyeshe invoisi ya awali na ya sasa, na kiwango cha dola cha siku zote mbili. Mpe kitu: umalize wiki mbili mapema, uongeze muda wa dhamana, au ukubali kulipwa nyongeza baada ya ukaguzi wa mwisho. Kisha andikeni marekebisho ya mkataba, yatiwe saini na watu walewale wenye mamlaka ya kutia saini mkataba wa kwanza, kabla kontena halijaagizwa.